Umeme mdogo mwisho wa laini: kisa cha kilomita moja njia ya Pangani

Hiki ni kisa cha laini moja ya msongo mdogo nje kidogo ya Tanga mjini, ukishaipita Tongoni unaelekea Pangani, kitongoji chenye minazi mingi na nyumba zimejipanga kufuata barabara. Transfoma ipo mwanzo wa kitongoji, kVA 100, inashusha 33 kV kuja 400 V, na kutoka hapo kuna laini kadhaa ila iliyokuwa na shida ni moja, ndefu kama mita 1,000, waya za kusokotwa zenye ganda za milimita za mraba 50, na mwisho kabisa wa laini ndo kuna mashine ya kusaga yenye mota ya kW 15.

Malalamiko yalikuwa yaleyale wengi mnayajua. Jioni friji za mwisho wa laini zinaunguruma bila kuwaka, taa zinakuwa nyekundu, feni inazunguka kivivu, na mashine ya kusaga mota inachemka mpaka rilei ya ovalodi inakata. Watu wakawa wananunua stebilaiza. Sasa stebilaiza inamsaidia mwenye nayo tu, maana ikipokea 180 V na inataka itoe 230 V basi inavuta ampea nyingi zaidi kwenye laini, kama asilimia 28 zaidi kwa mzigo uleule, na hizo ampea za ziada zinamshusha jirani ambaye hana stebilaiza, naye akinunua anamshusha mwingine. Kitongoji kizima kilikuwa kinaelekea huko.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Wengine wanasema pandisha tapu ya transfoma, ile swichi ya kubadili volti, biashara iishe. Wengine weka waya nene. Na kulikuwa na muuzaji kamshawishi mzee wa mashine anunue kapasita, kamwambia ukifunga hizi umeme unapanda. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, nitoe hela au nisubiri?" nikamwambia mzee wangu subiri kwanza tupime, kwa sababu dawa zote tatu ni za kweli ila kila moja inatibu kitu tofauti, na bila vipimo hujui unatibu nini.

Tulipima jioni saa moja na nusu, mzigo ukiwa umejaa, na tukarudia usiku wa manane wakati watu wamelala. Hii ya usiku wengi wanairuka na ndiyo inayoamua mambo, mtaona. Kwenye transfoma jioni tulipata 232 V kati ya fezi na nyutro, usiku 241 V. Hiyo tofauti ya volti 9 haitoki kwenye laini yetu, inatoka kwenye 33 kV yenyewe inayoshuka jioni pamoja na kinachopotea ndani ya transfoma. Halafu tukafuata fezi nyekundu nguzo kwa nguzo jioni ileile: mita 250 ilikuwa 214 V, mita 500 ikawa 199, mita 750 ikawa 188, mwisho kwa mzee 181.

Angalia hizo namba zinavyoshuka: robo ya kwanza imekula volti 18, ya pili 15, ya tatu 11, ya mwisho 7. Hivyo ndivyo laini isiyo na kasoro inavyotakiwa kushuka, kwa kasi mwanzoni halafu inapungua, kwa sababu mwanzoni waya umebeba ampea za watu wote na kadiri unavyosonga mbele wateja wanakuwa wameshachukua zao. Ingekuwa kuna kiungo kimeungua mahali, ungeona volti zinaanguka ghafla kati ya nguzo mbili zinazofuatana, tuseme volti 10 ndani ya mita 50, na hapo dawa ni kubadilisha kiungo tu, huhitaji hata kufikiria tapu. Hapa haikuwa hivyo, laini ilikuwa nzima, imezidiwa tu.

Kisha tukamwomba mzee azime mashine dakika chache. Mwisho wa laini ukapanda volti 22. Kwa hiyo ile 51 V inayopotea jioni kwenye fezi nyekundu, 22 ni ya mashine na 29 ni ya nyumba. Hesabu inakubaliana na hili, na hesabu yenyewe sio ngumu:

```
dV = I x (R x cosφ + X x sinφ)
```

Hapo dV ni volti zinazopotea, I ni ampea, R ni ukinzani wa waya na cosφ ni pawa fakta. Waya wa alumini wa 50 ukiwa na joto la mzigo una ukinzani wa kama 0.7 Ω kwa kilomita, na X yake, hii riaktansi, ni kama 0.1 tu kwa sababu waya zimesokotwa zimekaribiana. Mota ya mzee ilikuwa inavuta kama ampea 34 kwa pawa fakta ya 0.8, ukiweka humo unapata volti 21 na kitu. Shikeni hizo namba mbili, 0.7 na 0.1, zitarudi kwenye kapasita.

Lakini nyumba kula volti 29 ilikuwa haiingii akilini mpaka ukiangalia fezi nyingine. Mwisho wa laini jioni ileile njano ilikuwa 208 na bluu 209. Klampmita ikatuambia sababu: ukiondoa mashine ambayo ni fezi tatu sawa, nyumba zilikuwa zinavuta ampea 52 kwenye nyekundu, 22 kwenye njano na 18 kwenye bluu, na nyutro ilikuwa na ampea 32. Miaka inavyoenda kila anayeunganishwa anafungwa kwenye fezi iliyo rahisi kufikika kwenye nguzo, hakuna anayehesabu, mwisho fezi moja inabeba zaidi ya nusu ya kitongoji. Na mtu wa fezi nyekundu analipa mara mbili, anapoteza volti kwenye waya wa fezi (kama 18) na anapoteza tena kwenye nyutro (kama 11), kwa sababu nyutro nayo ni waya una ukinzani wake, ampea 32 zikirudi humo zinaacha volti. Wale wa njano na bluu kumbe nyutro ikisogea inawaongezea kidogo, ndo maana wao hawalalamiki sana na ukipima kwao unaweza kusema laini haina shida.

Sasa dawa. Naanza na tapu kwa sababu ndiyo kila mtu anaitaja kwanza na kwa kweli haina gharama ya vifaa. Transfoma za aina hii zina swichi ya tapu upande wa msongo mkubwa, mara nyingi nafasi tano, kila nafasi asilimia 2.5. Ukipunguza mizunguko ya upande wa 33 kV, upande wa 400 V unapanda. Nafasi gani inapandisha na ipi inashusha unasoma kwenye kibati cha transfoma yenyewe, usikisie, maana mtu akigeuza upande usio anawashusha watu waliokuwa tayari wako chini. Na swichi hii haigeuzwi transfoma ikiwa na umeme hata kidogo: unashusha mzigo, unafungua fyuzi za juu, unahakikisha hamna umeme, unaweka ethi, ndo unageuza. Hii ni kazi ya watu wa shirika wenye kibali cha laini hiyo.

Swali ni je tapu peke yake ingetosha? Hapa ndo kile kipimo cha usiku kinapoingia. Kiwango cha kimataifa, IEC 60038, kinasema 230 V na asilimia 10 juu au chini, yaani mteja asipate zaidi ya 253 wala pungufu ya 207. Dirisha lako lina upana wa volti 46, basi. Sasa kwenye laini yetu aliyekuwa juu kabisa ni wa nyumba ya kwanza usiku, 241, na aliyekuwa chini kabisa ni wa mwisho jioni, 181. Pengo ni volti 60. Tapu inawapandisha wote kwa pamoja, haipunguzi pengo hata volti moja, kwa hiyo pengo la 60 haliwezi kuingia kwenye dirisha la 46 hata ugeuze vipi, ni kama shuka fupi, ukivuta ufunike kichwa miguu inabaki nje. Ukipandisha asilimia 5 wa mwisho anafika 192 hivi, bado yuko chini, na wa kwanza usiku anafika 253, pale pale ukingoni, siku 33 kV ikipanda kidogo balbu na chaja za watu zinaanza kufa. Tena tapu ni ya transfoma nzima, wateja wa laini nyingine ambao hawana shida yoyote nao wanapandishwa.

Mi naona hiki ndo kipimo cha kwanza cha kufanya kabla hujajadili dawa yoyote: chukua ya juu kabisa ya usiku toa ya chini kabisa ya jioni. Ikizidi 46, acha tapu kwanza, tafuta kitu cha kupunguza pengo.

Na cha kupunguza pengo bila kununua waya kilikuwa kusawazisha fezi. Mafundi wa laini walihamisha nyumba kutoka nyekundu kwenda njano na bluu, lakini sio kuhamisha nusu ya mwanzo wa laini halafu ukasema tayari, unatakiwa uhamishe zilizoko mbali zaidi kwa sababu ampea moja iliyoko mita 900 inakula volti mara tisa ya ampea iliyoko mita 100. Walihamisha mpaka nyutro ikabaki na ampea chache jioni. Angalizo moja hapa, nyutro haiguswi kabisa wakati wa kazi hii laini ikiwa na umeme. Nyutro ikikatika wateja wa fezi tofauti wanakuwa wameungana mfululizo kwenye 400 V, yule mwenye mzigo mdogo anapokea volti kubwa ya kuchoma kila kitu ndani.

Baada ya kusawazisha nyekundu mwisho wa laini ikawa 199, kutoka 181. Njano na bluu zikashuka zikaja karibu na hapo, na wachache walilalamika kwamba wameharibiwa umeme wao, ni kweli walishuka, ila walikuwa wanafaidi kilichokuwa kinapotea kwa wenzao. Pengo sasa ni 241 toa 199, yaani 42. Limeingia kwenye dirisha. Hapo ndipo tapu ikawa na maana, wakapandisha nafasi moja tu, asilimia 2.5, usiku ikawa 247 kwenye nyumba ya kwanza na jioni 205 kwa mzee. Baada ya kugeuza na kabla ya kurudisha mzigo walipima fezi zote tatu upande wa 400 V kuona ziko sawa, hii ni muhimu, swichi ikikaa katikati ya nafasi mbili au kontakti yake ikiwa imeliwa na kutu kwa ndani fezi moja itakuja tofauti au itakosekana, na ukiirudishia mzigo hivyo cheche zinaanza ndani ya mafuta.

Volti 205, bado mbili chini ya mpaka. Na mpaka sio lengo, ukifika mpakani leo mwezi ujao watu wawili wakinunua friji umerudi palepale.

Sasa kapasita, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanatapeliwa, au niseme wanauziwa dawa ya ugonjwa mwingine. Kapasita ni kweli inapandisha volti, kwenye laini za msongo wa kati zinafungwa na zinafanya kazi vizuri. Kiasi inachopandisha ni hiki:

```
dV = Q x X / V
```

Q ni ukubwa wa kapasita kwa VAr, na unaona hapo hakuna R. Kapasita inaondoa ile ampea ya sumaku ya mota ambayo ingesafiri kwenye laini, na ampea hiyo inaacha volti kwenye X tu, ile ampea ya kazi inayosaga mahindi inabaki vilevile na inaendelea kuacha volti kwenye R. Kwenye laini ya waya za kusokotwa X ni 0.1 na R ni 0.7, maana yake unatibu sehemu ndogo ya tatizo. Muuzaji alikuwa anataka kumpa mzee kVAr 10. Weka: 10,000 mara 0.1 gawa kwa 400 ni 2.5 V kati ya fezi na fezi, ambayo kwa nyumba ya 230 V ni volti 1.4. Ongeza X ya ndani ya transfoma unafika volti 2 na kidogo. Hela yote ile kwa volti 2, na volti ikiwa chini kapasita nayo inatoa pungufu, inashuka kwa kipeo cha pili cha volti. Kama laini ingekuwa ya zamani ya waya wazi zilizoachana kwenye nguzo, X inakuwa kama 0.3, hapo ungepata mara tatu kwenye laini, bado sio ya kuokoa kijiji ila inaonekana kwenye mita.

Ila sikumwambia mzee kapasita ni takataka, sio kweli. Kwa mota yake kVAr 10 zingeshusha ampea kutoka 31 hadi 25 kwenye volti kamili, na hasara ya joto kwenye waya inayosababishwa na mashine yake ingepungua kama theluthi. Ni faida kwa waya na kwa transfoma, na kama mteja analipishwa kwa kVA ni faida kwake pia. Faida ya volti ndo ndogo, basi. Na hata hiyo 10 ni kubwa mno kufungwa moja kwa moja kwenye vituo vya mota: kanuni ni usizidi asilimia 90 ya kVAr inazovuta mota ikizunguka bila mzigo, kwa mota ya kW 15 hiyo ni kama 6 tu. Ukizidisha, ukizima swichi mota bado inazunguka na kapasita inaiamsha iwe jenereta, volti inaruka juu, inachoma. Mzee hakununua.

Ikabaki waya. Watu wakisikia waya nene wanafikiria laini nzima kilomita moja na bajeti inakufa hapohapo, au wanafikiria waanzie mwisho kwa sababu shida inaonekana mwisho. Rudi kwenye zile namba za nguzo: nusu ya kwanza ya laini ndo imekula sehemu kubwa, kwa nyumba zilizosambaa sawasawa nusu ya kwanza inakula robo tatu ya volti zote. Mashine ya mzee yenyewe haijali uanzie wapi, ampea zake zinapita urefu wote. Kwa hiyo mita 500 za kwanza zikiwekwa waya wa 95, ambao ukinzani wake ni kama nusu ya ule wa 50, unaokoa kama volti 8: nne na kitu upande wa mashine, karibu nne upande wa nyumba. Mita 500 zilezile ukizifunga nusu ya mwisho unaokoa 6. Waya uleule, gharama ileile, volti mbili zimepotea kwa kuanzia upande usio. Na jambo jingine, waya unapunguza pengo lenyewe, jioni unapanda usiku haupandi, tofauti kabisa na tapu.

Kazi ya waya ina mambo yake. Wa 95 ni mzito, nguzo za kona zilihitaji kuongezwa stei kabla ya kuvuta. Pale 95 inapokutana na 50 viungo viwe vya saizi sahihi, na pale alumini inapokutana na shaba ya waya wa mteja lazima kiunganishi cha metali mbili, ukifunga alumini na shaba moja kwa moja, na kwa hii hewa ya chumvi ya pwani yetu, kutu inakula haraka na utapata lile anguko la ghafla nililosema juu. Na kabla mzee hajawasha wakakagua mfuatano wa fezi, maana fezi mbili zikibadilishana wakati wa kuunga upya nyumba hazitajua ila mota itazunguka kinyumenyume.

Baada ya yote jioni mwisho wa laini ilisoma 215, zaidi kidogo ya hesabu, sababu mota ikipata volti nzuri inavuta ampea chache kwa kazi ileile kwa hiyo yenyewe inaacha kujishusha. Usiku nyumba ya kwanza 247. Pengo 32, kutoka 60.

Nafasi iliyobaki ni volti 8 juu ya mpaka wa chini. Kuna kijana anataka kufunga mashine ya barafu kwa ajili ya wavuvi, mwisho huohuo wa laini, na kama itakuwa na mota ya ukubwa wa ile ya mzee itakula volti 16 na kuwarudisha wa mwisho chini ya 200. Tapu haina pa kwenda tena, usiku umebaki na volti 6 tu za kupanda. Kwa huyo jibu sio waya wala kapasita, ni kuvuta 33 kV mpaka katikati na kuhamishia transfoma huko, kwa sababu transfoma ikikaa katikati kila upande unakuwa na nusu ya nyumba na nusu ya urefu, na kama waya ni saizi moja volti zinazopotea kwa nyumba zinashuka hadi robo, na kwa mashine zinashuka hadi nusu. Nimeshamwambia aombe kabla hajanunua mota, sio baada.